Bibliografia yenye maelezo kwa disateshen ya nyumba za asili: mfano wa nyumba za udongo Bagamoyo

Wakuu habari zenu. Hii nawaandikia wale mnaofanya disateshen za usanifu majengo, mipango miji, historia au akiolojia na mmechagua nyumba za asili za pwani, halafu supavaiza kashasema kaniletee kwanza bibliografia yenye maelezo, yaani orodha ya vyanzo ambapo chini ya kila chanzo kuna aya inayoeleza kinasema nini, mwandishi alijuaje, na wewe utakitumia wapi. Wengi wanachofanya ni kuchukua ule muhtasari wa mwanzo wa makala, wanabadilisha maneno mawili matatu, wanapesti, wanahamia makala nyingine, ikifika idadi iliyotakiwa wanapeleka. Shida inakuja ukianza kuandika sura ya pili, unafungua ile orodha na haikwambii ni chanzo gani kinaweza kusimamia hoja gani, inabidi uanze kusoma upya vitu ulivyoshasoma.

Nitatumia mfano mmoja tu ili tuelewane: nyumba za miti na udongo za Bagamoyo mjini, zile za Dunda na Magomeni, baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma uani kuna jiko na choo. Majumba ya mawe ya Mtaa wa India siyo mada, ila yataingia kwa sababu hayo ndo yanayovuruga watu kama mtakavyoona.

Anza na madai, vyanzo baadaye

Kabla hujafungua intaneti chukua karatasi uandike disateshen yako italazimika kudai nini. Siyo mada, ni madai, sentensi kamili ambazo mtu anaweza kuzikataa. Kwa mfano wetu yanaweza kuwa matatu tu. La kwanza, nyumba ya udongo ya Bagamoyo ina korido katikati na vyumba pande mbili, na mpangilio huo una umri fulani. La pili, ukuta unajengwa kwa nguzo za mikoko, fito na udongo wa kukandika, na vifaa hivi vinabadilika kuwa tofali na bati. La tatu, watu wanaishi humo kwa namna fulani, nani analala wapi, mgeni anaishia wapi, mpangaji anakaa chumba gani.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu huwezi kusema chanzo kinaaminika au hakiaminiki hivi hivi tu. Kitabu kilekile kinaweza kuwa imara sana kwa dai la pili na hakifai kabisa kwa dai la tatu. Kama madai hujayaandika utajikuta unapima vyanzo kwa sura, huyu ni profesa naamini, hii ni ya chuo kikuu cha Ulaya naamini, huyu ni mzee wa mtaani siamini, na hapo umeshapotea.

Kutafuta: tumia majina ya zamani pia

Google Scholar ukiandika tu nyumba za Waswahili utaletewa Lamu na Zanzibar mpaka uchoke. Bagamoyo imeandikwa sana kama mji wa misafara na utumwa na Wajerumani, nyumba zake za udongo ni habari za pembeni ndani ya maandishi ya mambo mengine, kwahiyo inabidi utafute kwa njia kadhaa tofauti. Mimi huwa naanza na hizi:

```
"Bagamoyo" "wattle and daub"
"Bagamoyo" "Swahili house" corridor
"Bagamojo" Suaheli Lehm
"Bagamojo" Häufer
```

Mbili za chini ndo watu hawazijui. Wajerumani waliandika Bagamojo kwa j, na waliita Suaheli, na mji huu ulikuwa makao yao makuu mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, kwahiyo ripoti na vitabu vya miaka ile vipo na vingi vimeshaskaniwa. Lehm ni udongo. Na hiyo Häufer siyo kosa la kuchapa. Neno lenyewe ni Häuser, nyumba, ila kwenye hati za zamani za Kijerumani ile s ya katikati ya neno inafanana na f, kompyuta ikisoma skani inaandika f. Ukitafuta kwa tahajia sahihi peke yake unazikosa kurasa hizo zote, na fanya hivyohivyo kwa kila neno lenye s katikati.

Ukishapata makala moja nzuri usirudi tena kwenye kisanduku cha kutafutia. Fungua rejea zake uone inasimama juu ya nani, halafu bonyeza `Cited by` uone nani alisimama juu yake baadaye, hasa nani aliipinga. Hii ya pili ndo muhimu kwenye kupima, maana makala ya 1979 yenyewe haiwezi kukwambia kwamba 1999 kuna watu waliuliza maswali.

Vyote viweke Zotero, programu ya kutunza rejea, ni ya bure. Lakini usiiamini inavyojaza taarifa yenyewe, fungua kila kimoja ulinganishe na ukurasa wa jina wa kitabu. Kwa nyumba za pwani kuna mtego ambao nimeuona kwenye kazi za watu zaidi ya moja: kuna Allen wawili. James de Vere Allen ndiye aliyeandika kuhusu nyumba za Lamu 1979. J.W.T. Allen ni mtu mwingine kabisa, yeye alitafsiri na kuhariri kwa Kiingereza maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yakatoka 1981. Kwenye orodha zikiandikwa "Allen, J." zote mbili, msomaji anadhani ni mtu mmoja aliyebobea pwani nzima, kumbe mmoja anazungumzia mawe ya Lamu na mwingine anatafsiri mswahili wa Bagamoyo. Andika majina kamili.

Kupima: maswali matatu kwa kila dai

Mimi huwa nauliza hivi. Ni nyumba ipi hasa, ya mji gani na ya watu gani? Ni ya mwaka gani, siyo mwaka wa kuchapa kitabu bali mwaka nyumba ilivyoonekana hivyo? Na mwandishi alijuaje, aliingia ndani na kupima, aliambiwa na mwenyeji, au alisoma kwa mwingine? Kuna la nne la nani alimlipa na kwa kazi gani, ila hilo mara nyingi linajijibu ukishapata lile la tatu.

Sasa tuchukue dai moja tulifuate mpaka lilikozaliwa, maana ukifanya hivi mara moja kwa umakini utajua namna ya kufanya kwa mengine.

Utakutana na sentensi ya aina hii kwenye ripoti na proposo nyingi: nyumba ya asili ya Mswahili imepangwa kwa ngazi za faragha, kutoka nje kwenda ndani, na chumba cha ndani kabisa ndicho kitakatifu zaidi. Inasikika sawa, hata mtu wa Bagamoyo ataitikia kwa kichwa, maana kweli mgeni anaishia barazani. Sasa angalia rejea. Ripoti imetaja makala fulani, ukiifungua makala nayo imetaja sura ya kitabu kingine, na ukishuka hivyo, mara nyingi sana chini kabisa unamkuta Allen wa 1979 au Linda Donley-Reid wa 1990. Hawa wote wawili ni watu wa kuaminika kwa walichokifanya. Allen alikuwa mkuu wa makumbusho ya Lamu, aliishi nazo zile nyumba. Donley-Reid alihoji watu na kuchimba. Lakini kitabu alimotokea Allen jina lake lenyewe linasema ni nyumba na makaburi ya Waswahili ya pwani ya Kenya, liko pale juu kwenye jalada, na nyumba wanazozisema ni majumba ya mawe ya watu wenye uwezo.

Chora ramani zote mbili uziweke pembeni ndo utaona tatizo kwa macho. Jumba la Lamu: unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unatokea kiwandani ambako ni uwanja wa wazi, halafu kumbi ndefu nyembamba zimelala sambamba moja nyuma ya nyingine, misana kisha ndani, ukutani zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu. Ili ufike ndani lazima upite kumbi za mbele, hakuna njia nyingine, kwahiyo kusema faragha inaongezeka hatua kwa hatua kuna maana ya moja kwa moja kwenye ukuta wenyewe. Nyumba ya udongo ya Bagamoyo: unatoka barazani unaingia korido, na korido inakwenda moja kwa moja mpaka uani, vyumba vinafunguka kulia na kushoto na kila mlango uko umbali uleule wa hatua moja kutoka kwenye korido. Chumba cha mbele na cha nyuma vinafikika kwa namna ileile. Ndo maana nyumba hii inapangishika chumba kimoja kimoja, kitu ambacho jumba la Lamu haliwezi bila kubomoa au kuziba. Faragha ipo, lakini inafanya kazi kwa njia nyingine, kwa pazia, kwa saa za siku, kwa uani wa wanawake. Kwahiyo lile dai limehamishwa kutoka mji mmoja kwenda mwingine na kutoka jiwe kwenda udongo, bila mtu yeyote kudanganya, kila mmoja kamtaja aliyemtangulia kwa uaminifu tu.

Hapo sasa andika nini kwenye bibliografia? Usimtupe Allen. Mfano wa maelezo mabovu ni huu, na hivi ndo wengi wanaandika:

> Mwandishi anaeleza nyumba ya Mswahili na utamaduni wake. Ni chanzo muhimu na cha kuaminika kwa utafiti huu.

Na haya ndo maelezo yanayofanya kazi:

> Sura inaeleza mpangilio wa majumba ya mawe ya Lamu na mila zilizoambatana na vyumba vyake. Mwandishi alikuwa mkuu wa makumbusho ya Lamu na anaandika kwa kuona mwenyewe na kuongea na wenyeji katika karne ya 20. Naiamini kwa mpangilio wa jumba la mawe la Lamu na majina ya vyumba vyake. Siitumii kama ushahidi wa nyumba za udongo wala za Bagamoyo, kwa sababu mpangilio wa kumbi sambamba ni tofauti na wa korido. Nitaitumia sura ya pili kuonyesha jinsi dai la ngazi za faragha lilivyotoka kwenye jiwe likaingia kwenye maandishi ya jumla, kisha nitalipima kwa vipimo vyangu vya Dunda. Linganisha na Fleisher na LaViolette 1999.

Angalia kilichofanyika pale. Kuna sentensi moja ya kinasema nini, moja ya alijuaje, halafu naiamini kwa hili na siiamini kwa lile, halafu kazi yake kwenye disateshen, na mwisho kimefungwa kwenye chanzo kingine. Maneno 100 mpaka 200 yanatosha, ukizidi hapo unaandika sura yenyewe.

Hao Fleisher na LaViolette nimewataja kwa sababu makala yao ya 1999 kwenye jarida la Azania ndo dawa ya tatizo hili. Wanasema watu wengi wa miji ya Waswahili waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, lakini wachimbaji wamekuwa wakifuata mawe kwa sababu mawe yanabaki na yanaonekana, na wao wakaenda Pemba kutafuta mabaki ya udongo. Kwenye maelezo yake andika wazi: imara sana kwa hoja kwamba vyanzo vimepinda kuelekea jiwe, imara kwa namna ya kutambua udongo uliokandikwa ukiwa chini ya ardhi, haina la kusema kuhusu korido za Bagamoyo za leo. Vitabu kama cha Peter Garlake cha 1966 vitaingia hapahapo kwa maneno machache, michoro yake ya misikiti na majengo ya mawe ni ya kupimwa kweli, lakini ni jiwe tena.

Sasa korido imetoka wapi

Hapa vyanzo vinakuwa vichache na inabidi uwe mvumilivu. Kwa Dar es Salaam kuna uchunguzi wa J.A.K. Leslie uliochapishwa 1963, yeye alikuwa afisa wa utawala wa kikoloni na kazi yenyewe ilifanyika miaka ya 1950. Anafaa kwa jinsi watu walivyoishi na kupanga vyumba mjini wakati ule. Lakini andika mambo mawili: ni Dar, mji uliokuwa unakua kwa kasi na wenye soko kubwa la vyumba vya kupanga, na aliyeuliza maswali alikuwa serikali, kwahiyo mtu anapoulizwa analaza wapangaji wangapi anaweza kuwa na sababu ya kupunguza. Kwa dai la tatu anasaidia kwa kulinganisha. Kwa umri wa korido Bagamoyo hatoshi.

Kwa Bagamoyo yenyewe mwishoni mwa karne ya 19 mtu wa kumsoma ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, maandishi yake yalitoka kwa Kiswahili 1903 kule Göttingen. Kwenye katalogi za maktaba mara nyingi utayakuta kwa jina la Carl Velten aliyeyakusanya na kuyahariri, ukitafuta kwa jina la Mtoro peke yake unaweza kuambiwa hakuna. Huyu anaandika desturi za kwao kwa lugha yake, hiyo ni nguvu ambayo hakuna msafiri wa kizungu anayo. Kwenye maelezo yako taja pia mipaka yake: aliandika akiwa mbali na nyumbani, kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani waliotaka kujifunza Kiswahili na desturi, mwingine akapanga na kuhariri, na anaeleza inavyotakiwa kufanyika zaidi kuliko nyumba fulani ya mtu fulani. Na tafadhali soma Kiswahili cha 1903, tafsiri ya 1981 iwe ya kulinganisha tu, wewe lugha unayo, kwa nini upite kwa mtu wa kati? Kwa historia ya mji wenyewe na watu wake, nani alikuwa mwenyeji na nani mgeni, kuna kitabu cha Steven Fabian cha 2019, kizuri kukueleza mtaa, siyo cha kukuonyesha ukuta.

Halafu kuna picha. Mkusanyo wa picha wa ile jumuiya ya kikoloni ya Kijerumani uko maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt na upo mtandaoni, na kadi za posta za Bagamoyo zinazunguka kila mahali. Picha ni chanzo kizuri mno kwa paa, urefu wa baraza na upande wa mlango. Ila mambo matatu. Kwanza muhuri wa posta unakwambia picha haikupigwa baada ya tarehe ile, haukwambii ilipigwa lini, kadi iliweza kuuzwa miaka mingi baada ya picha kupigwa. Pili maelezo ya chini yaliandikwa na mwenye duka au mtunza kumbukumbu, kwahiyo jina la mji lihakiki kwa kitu kilichomo kwenye picha, jengo la mawe unalolijua au mwelekeo wa bahari. Tatu, picha ya nje haiwezi kuthibitisha korido. Mlango katikati ya ukuta wa mbele unaendana na korido lakini siyo ushahidi wake, na nimeona sentensi "picha ya enzi za Wajerumani inaonyesha mpangilio wa korido" kwenye kazi ya mtu, wakati picha inaonyesha mlango tu. Andika "inaendana na", usiandike "inathibitisha".

Takwimu za sensa na mtego wa Chalinze

Kwa dai la pili, la vifaa, kila mtu atakimbilia sensa na ni sahihi, sensa ya 2012 na ya 2022 zote zina taarifa za vifaa vya kuta na paa. Lakini msilinganishe Bagamoyo ya 2012 na Bagamoyo ya 2022 kama kitu kimoja. Sensa ya 2012 wilaya ya Bagamoyo yenye watu 311,740 ilikuwa ni pamoja na Chalinze yote, vijiji vya bara huko ndani. Baadaye Chalinze ikawa halmashauri yake, kwahiyo 2022 zinatoka kama sehemu mbili. Ukichukua asilimia za nyumba za udongo za 2012 ukatoa za 2022 utapata mabadiliko makubwa, na sehemu yake ni mpaka tu umehama, hakuna mtu aliyebomoa ukuta. Njia salama ni kuchukua 2022 ukajumlisha Bagamoyo na Chalinze kwanza, ujumlishe idadi za nyumba na siyo asilimia, ndo ulinganishe, au ushuke ngazi ya kata kama jedwali lipo.

Na hata hapo sensa inakwambia kifaa, haikwambii nyumba. Nyumba ya korido iliyojengwa kwa tofali za saruji na bati kwa ramani ileile ya babu, kwenye sensa imeshatoka kwenye udongo. Kama disateshen yako inasema nyumba ya asili inapotea, na ushahidi wako ni sensa, basi unachothibitisha ni kwamba udongo na makuti vinapungua. Andika hivyo kwenye maelezo, "naiamini kwa kifaa cha ukuta na paa, haina taarifa ya mpangilio".

Fundi na mzee ni vyanzo, nao wanapimwa

Nenda Dunda, tafuta nyumba inayokarabatiwa, hapo ndipo unapata kitu ambacho hakuna kitabu kitakupa kwa sababu ukuta umefunguka. Pita serikali ya mtaa kwanza na barua yako ya chuo. Ukifika salamu kwanza, shikamoo mzee, kaa, usianze na tepu ya kupimia mkononi. Fundi akishakuzoea mwombe akuonyeshe pale udongo ulipodondoka.

Unaona nguzo za mikoko zimechimbiwa, fito zimelala nje na ndani kama mistari, katikati kumejazwa mawe madogo na udongo, juu kukandikwa, labda na chokaa. Sasa angalia fito zimefungwa na nini. Mwenye nyumba akikwambia ukuta huu ni wa babu yake haujawahi kuguswa, na fito zimefungwa kwa kamba za makumbi zilizokauka mpaka rangi imebadilika, maneno na ukuta vinakubaliana. Ukikuta upande mmoja kamba na upande mwingine misumari na waya, ukuta ule umeshafanyiwa kazi si mara moja, na mzee hajakudanganya, kwake nyumba ni ileile maana kiwanja ni kilekile na korido ni ileile. Nyumba ya udongo hukarabatiwa kila mara. Kwahiyo kwenye maelezo unaandika: naamini mwenyeji kwa umri wa mpangilio na urithi wa kiwanja, siamini kwa umri wa ukuta, ushahidi ni vifungo mchanganyiko upande wa uani. Piga picha ya hivyo vifungo, na uiweke namba.

Tepu pia inapima vitabu. Kwenye majumba ya mawe, dari la boriti za mikoko linabana upana wa chumba, boriti haitoki salama zaidi ya kama mita 2.5 hadi 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Ukisoma chanzo kinachotoa chumba cha mawe cha upana wa mita 5 chini ya boriti za mikoko, bila mhimili katikati, basi kuna kitu: kipimo ni cha urefu badala ya upana, au kuna ukuta ulibomolewa, au mbao nyingine au chuma viliingia baadaye. Nenda kaangalie kama jengo bado lipo.

Kuhusu kuwaorodhesha: kwa mtindo wa APA mahojiano yako binafsi hayaingii kwenye orodha ya rejea, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata. Kwahiyo fungua sehemu ya pembeni, mpe kila mtu namba badala ya jina, Fundi 01, Mwenyeji 02, andika mtaa, umri wa kukadiria, ameishi kwenye nyumba hiyo tangu lini, na maelezo ya kupima kama ya vitabu. Supavaiza wengine wanataka humohumo, wengine kwenye kiambatisho, muulize mapema.

Kupanga na kutoa

Usipange kwa alfabeti wakati unafanya kazi, panga kwa madai. Kwenye Zotero weka tagi kwa kila dai, `korido`, `udongo`, `maisha`, na tagi ya pili ya alijuaje, `kaona`, `kaambiwa`, `kasoma`. Halafu chuja. Ukibonyeza `korido` na `kasoma` pamoja ukapata vyanzo tisa, na `korido` na `kaona` ukapata viwili, hapo umejua kwamba tisa wote wanaweza kuwa wanarudia hao wawili na inabidi uwafuatilie kama tulivyofanya kwa Allen. Hiyo tisa na mbili ni aya nzuri kabisa ya sura ya pili, unaeleza pengo kwa ushahidi badala ya kusema tu kwamba utafiti ni mdogo.

Maelezo yenyewe yaandike kwenye sehemu ya `Extra`, kisha kwenye hazina ya mitindo ya Zotero tafuta neno `annotated`, kuna mitindo inayochapisha kilichomo kwenye `Extra` chini ya kila rejea. Alfabeti itajipanga yenyewe wakati wa kutoa. Ukirudi kutoka field fungua tena kila chanzo chenye tagi ya `korido` ubadilishe ile sentensi ya naiamini kwa, maana sasa una vipimo vyako, na vyanzo vinavyopingana vitajane kwa majina kwenye maelezo yao, Leslie amtaje Mwenyeji 02 na Mwenyeji 02 amtaje Leslie, ili supavaiza akiuliza nani kasema tofauti uwe na jibu pale pale kwenye ukurasa.